Runinga ya 2015: stiki, au mfumo wake wa ndani?

*"Fundi, habari za kazi. Nyumbani Tanga tuna runinga ya Samsung ya inchi 40, nyuma imeandikwa UA40J5500. Picha ya king'amuzi ni nzuri kama siku tuliyoinunua. Tatizo ni upande wa intaneti: YouTube inachukua dakika nzima kufunguka, kisha video inakwamakwama, na programu moja ya filamu tunayolipia kila mwezi siku hizi inasema haiwezi kuunganishwa. Fundi wa mtaani anataka 40,000 aiflashi 'iwe mpya'. Dukani nimeonyeshwa stiki ya 4K kwa 160,000, na kiboksi cha 75,000 ambacho muuzaji anasema kina chaneli zote bure. Mama ana miaka 71, anatumia rimoti moja tu na hapendi kubabaishwa. Waifai yetu ni bando la GB 100 kwa mwezi. Nichague nini, au ninunue runinga nyingine kabisa?"*

Runinga nyingine huihitaji, ndugu yangu, na ile 40,000 ya kuflashi usiitoe. Kiboksi cha 75,000 mwachie mwenye duka. Nitakueleza sababu huko mbele. Inabaki stiki, yaani kijiti kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI na kufungua programu za mtandaoni badala ya runinga, au kuendelea na mfumo uliomo ndani ya runinga yenyewe. Nadhani mtaishia kwenye stiki, lakini usiende dukani leo. Yapo majaribio ya jioni moja yasiyogharimu kitu, na nimeshaona watu wakirudi nyumbani na stiki ya laki na nusu wakati ugonjwa ulikuwa ni saa ya runinga iliyorudi nyuma miaka kadhaa.

Uliposema picha ya king'amuzi ni nzuri, ulinipa nusu ya jibu. Runinga ya aina yako ni vitu viwili vilivyofungwa kwenye ganda moja. Kuna kioo, ambacho kazi yake ni kuonyesha picha yoyote inayoingia kupitia tundu la HDMI, iwe inatoka kwenye king'amuzi, laptop au stiki. Halafu kuna kompyuta ndogo iliyobandikwa nyuma yake, na hiyo ndiyo inayofungua YouTube. Kioo chako ni kizima. Anayelalamika ni huyo wa pili. Herufi J kwenye namba uliyonitumia inasema ni toleo la 2015 (K ni 2016, M ni 2017, N ni 2018, kwa wengine mnaotaka kusoma za kwenu), mwaka ambao Samsung walianza kuweka mfumo wa Tizen kwenye runinga zao. Sasa jiulize simu ya mwaka 2015 ingekuwaje mkononi mwako leo. Kompyuta ya runinga ni ndugu yake, na mara nyingi ilizaliwa dhaifu kuliko simu ya mwaka huo huo, maana mtu akinunua runinga anatazama inchi na rangi, haulizi prosesa.

Tuanze na saa. Runinga nyingi hazitunzi saa zenyewe umeme ukikatika. Zinaichukua upya kutoka kwenye chaneli za antena au kutoka mtandaoni. Nyumba yenye king'amuzi cha HDMI mara nyingi haina antena iliyochomekwa kwenye runinga yenyewe, kwa hiyo baada ya umeme kukatika runinga inaweza kuamka ikiamini ni mwaka mwingine kabisa, na hakuna anayegundua kwa sababu king'amuzi kina saa yake. Bonyeza `MENU`, ingia `System`, kisha `Time`, kisha `Clock`. Tarehe ikiwa si ya leo, weka `Clock Mode` iwe `Manual`, uandike tarehe na saa sahihi, halafu jaribu tena ile programu ya filamu. Ikifunguka, umeokoa hela yako.

Utashangaa saa ina uhusiano gani na filamu. Kila unapofungua programu, runinga inakwenda kugonga mlango wa seva ya kampuni husika, na kabla ya kuzungumza lolote inadai kitambulisho. Kitambulisho hicho huitwa cheti, na kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Runinga inayodhani ni mwaka 2015 ikionyeshwa cheti kilichotolewa mwaka huu inasema hiki bado hakijaanza kutumika, inafunga mlango. Wewe kwenye kioo unasoma tu kwamba imeshindwa kuunganishwa, unamlaumu mtu wa waifai.

Hapo hapo ndipo penye uzee wenyewe wa runinga, hata saa ikiwa sahihi. Cheti hakijithibitishi chenyewe. Kimesainiwa na mdhamini, na majina ya wadhamini wanaoaminika yaliwekwa ndani ya runinga ilipotengenezwa. Ni kama mlinzi wa geti aliyepewa daftari la saini siku ya kuajiriwa. Wenye saini wanastaafu, wanakuja wapya, na mlinzi ambaye hakuletewa daftari jipya anawazuia wageni halali. Tarehe 30 Septemba 2021 mdhamini mmoja mkubwa, DST Root CA X3, muda wake uliisha, na vifaa vingi vya zamani ambavyo havikuwa vimesasishwa vikajikuta haviamini tena tovuti ambazo jana yake viliziamini. Havikuwa vimeharibika; daftari ndilo lilikuwa limechakaa.

Mara nyingine ni upande wa pili unaoamua kuondoka. Mwezi Aprili 2015 YouTube walizima njia ya zamani ambayo programu zao zilitumia kuzungumza na seva, na runinga na vifaa vingi vya 2012 na kabla ya hapo vikapoteza YouTube. Tangu mwanzoni mwa Desemba 2019 Netflix waliacha kuhudumia baadhi ya runinga za Samsung za 2010 na 2011. Katika hali zote mbili hakuna fundi ambaye angeweza kurudisha kitu, kwa sababu kilichobadilika hakikuwa ndani ya nyumba ya mteja.

Kwa hiyo ukishaweka saa na ile programu bado imekataa, usianze kubomoa. Fanya mambo mawili madogo. Chomoa waya wa runinga ukutani, hesabu dakika moja nzima, uchomeke tena. Kuzima kwa rimoti kunailaza tu, hakuisafishi kumbukumbu. Ikishawaka tafuta kwenye menyu sehemu ya `Smart Hub`, chagua kuiweka upya, na ikikuuliza namba ya siri, ya kiwandani ni 0000. Tahadhari tu: hatua hiyo inafuta akaunti zote zilizokuwa zimeingizwa, kwa hiyo uwe na nywila za YouTube na ya ile programu ya filamu mkononi kabla hujabonyeza. Nimewahi kumfanyia hivyo mteja saa mbili usiku, nywila alikuwa nayo mtoto wake aliye masomoni nje ya nchi, na mechi ilikuwa inaanza. Sitaki kukumbuka.

Sasa tuje kwenye kukwamakwama, maana huo unaweza kuwa ugonjwa tofauti. Video inayokwama kwa sababu ya intaneti na inayokwama kwa sababu ya prosesa kuchoka, kwa macho zinafanana. Kuzitofautisha, fungua video yoyote ya YouTube kwenye runinga, nenda kwenye alama ya mipangilio chini ya video, utafute `Stats for nerds`. Litatokea boksi jeusi lenye mistari mingi. Wewe soma miwili tu. `Buffer Health` ni sekunde ngapi za video zimeshawasili na zinasubiri kuchezwa. `Frames` ni picha ngapi zimechezwa na ngapi zimetupwa, yaani `dropped`. Iache video icheze dakika tatu. Kama `Buffer Health` inashuka hadi sifuri kila inapokwama, intaneti haileti maji ya kutosha kwenye ndoo. Kama `Buffer Health` imekaa vizuri kwenye sekunde 20 au 30 na bado video inakwama, huku idadi ya zilizotupwa inapanda mbele ya macho yako, ndoo imejaa lakini mnywaji hana nguvu ya kuinyanyua. Hiyo ni prosesa ya runinga, na hakuna bando litakaloitibu.

Jaribio la mwisho ndilo ninaloliamini kuliko yote. Azima laptop na waya wa HDMI, chomeka kwenye runinga, iunganishe laptop kwenye waifai hiyo hiyo ikiwa hapo hapo mezani, ucheze video ile ile kwa ubora ule ule. Hapo laptop ni stiki ya kuazima. Ikicheza bila kusita, basi na stiki nzuri itacheza hivyo hivyo, na unanunua ukijua unachonunua. Laptop nayo ikikwama, stiki itakwama pia, na ile 160,000 ni afadhali uihamishie kwenye kusogeza ruta.

Hapo kwenye ruta nisimame kidogo. Ruta nyingi za sasa zinatoa mawimbi ya aina mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, na runinga nyingi za umri na daraja la yako zinaona ya 2.4 peke yake. Hayo yanapenya kuta vizuri lakini yana msongamano, hasa kwenye nyumba zilizobanana ambako kila jirani ana ruta yake. Stiki za leo zinapokea zote mbili. Ndiyo maana mtu anabadilisha kifaa tu, bila kuongeza bando, na video inaacha kukwama. Lakini gigahezi 5 huchoka haraka kwenye ukuta wa tofali za simenti. Ruta ikiwa chumba cha tatu, stiki yako itafanya vizuri zaidi kwenye 2.4 ile ile. Jaribu zote, usiamini namba.

Sasa kuhusu kuflashi. Fundi wako huenda hana nia mbaya. Kuflashi ni kuandika upya programu kuu ya runinga, na kuna hitilafu inazotibu kweli, kwa mfano runinga inayojizima na kujiwasha kwenye nembo. Ila runinga inakubali tu faili lililosainiwa na mtengenezaji kwa ajili ya modeli hiyo hiyo. Kwa hiyo anachoweza kukuwekea ni toleo la mwisho ambalo mtengenezaji aliliachia, ambalo wewe mwenyewe unaweza kulipata bure kwenye menyu ya `Support`, `Software Update`. Hawezi kukuletea daftari la wadhamini ambalo kiwanda hakikuandika, wala kuongeza nguvu ya prosesa. Na akikosea faili, au umeme ukikatika katikati ya kazi, bodi inaweza kufa, na hapo kile kioo kizima nacho umekipoteza.

Tudhani sasa majaribio yamesema ni kompyuta ya runinga. Stiki ya 4K kwenye runinga yako haitaifanya iwe ya 4K. Kioo chako kina pikseli 1920 kwa 1080, na stiki itapunguza picha ilingane nacho. Muuzaji akikuambia utaona tofauti ya 4K, mtabasamie. Hata hivyo mimi ningechukua hiyo ya 4K badala ya ndogo yake, kwa sababu nyingine ambayo haiandikwi kwa herufi kubwa kwenye boksi: RAM, yaani kumbukumbu ambayo programu hutumia zikiwa zimefunguliwa. Stiki nyingi za 1080p zina RAM ya GB 1, na hiyo inajaa haraka. Baada ya mwaka mmoja wa masasisho utarudi kwenye dakika yako ile ya kusubiri YouTube. Za 4K mara nyingi zina GB 2. Geuza boksi usome. Nafasi ya kuhifadhi kwa kawaida ni GB 8, na mfumo wenyewe unakula karibu nusu, kwa hiyo msijaze programu kumi na tano. Mama anahitaji tatu.

Kuna jambo jingine linalokaa ndani ya stiki halali ambalo kile kiboksi cha bei rahisi hakina, nalo ni kibali. Kampuni za filamu haziruhusu picha safi iende kwenye kifaa ambacho hazijakikagua. Kifaa chenye kibali kamili kinapewa 1080p na kuendelea. Kisicho nacho kinapewa picha hafifu ya 480p, au kinakataliwa kabisa, hata kama boksi lake limeandikwa 8K kwa rangi ya dhahabu. Kwa hiyo ungelipia huduma yako ya filamu kila mwezi na kuiona kwa ukungu kwenye kioo kizima.

Ila kinachonitisha si ukungu. Viboksi vya "chaneli zote bure" vimeshakamatwa vikiwa na virusi vilivyowekwa kabla hata havijafika dukani. Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo la wazi juu ya mtandao wa wahalifu uitwao BADBOX 2.0, ulioteka mamilioni ya vifaa vya nyumbani, vingi vikiwa viboksi vya Android vya bei ndogo visivyo na kibali cha Google. Kifaa cha namna hiyo kinakaa sebuleni kwako kikipitisha shughuli za wezi kupitia waifai yako, huku bando lako ndilo linalolipa. Dukani utakitambua hivi: mwambie muuzaji akiwashe. Kama kinachotokea ni kama kioo cha simu kilicholazwa, chenye vitufe vya kurudi nyuma upande wa chini na mshale wa mausi unaotembezwa kwa rimoti, hiyo ni Android ya simu iliyovikwa kanzu. Mfumo halali wa runinga hauna mshale; unaruka kutoka picha hadi picha, na mwanzoni kabisa unakutaka uingie kwa akaunti. Muuzaji akikwambia uzime Play Protect, kinga ya Google dhidi ya programu mbaya, ili chaneli zifunguke, toka nje.

Basi umenunua stiki halali. Kosa linalofuata nalifahamu vizuri kwa sababu nimeitwa kwa ajili yake mara nyingi kuliko jingine lolote. Watu wanaichomeka stiki kwenye HDMI, halafu waya wake wa umeme wanauchomeka kwenye tundu la USB la runinga ili kuokoa soketi. Inawaka, kila mtu anafurahi. Kisha filamu ikianza, stiki inajizima na kuonyesha nembo upya. Nilimkuta mzee mmoja ameirudisha dukani mara mbili. Nikainama nyuma ya runinga na tochi, pembeni ya tundu pameandikwa `5V 0.5A`. Stiki inayotaka ampea nzima, au zaidi kidogo pale prosesa inapofanya kazi ngumu, imepewa nusu mlo. Tukaihamishia kwenye chaja yake ya ukutani, ukawa mwisho wa shauri. Hata tundu likiwa na nguvu ya kutosha, runinga ikizimwa stiki nayo inakatika, hivyo kila jioni mama atasubiri iwake kutoka mwanzo. Ipe soketi yake. Kama umeme wa mtaa wenu unapanda na kushuka, ichomeke kwenye kile kile kinachoilinda runinga.

Kwenye boksi utakuta kipande kifupi cha waya wa HDMI ambacho wengi wanakitupa. Kitumie. Nyuma ya runinga kuna bati, na stiki iliyobanwa kati ya bati na ukuta haisikii waifai vizuri, tena inapata joto. Kipande hicho kinaitoa pembeni sentimita chache, na mara nyingi hizo zinatosha.

Nije kwa mama, ambaye kwa kweli ndiye mteja. Faida kubwa ya mfumo wa ndani ambayo stiki haiwezi kuishinda kikamilifu ni kwamba kila kitu kiko kwenye rimoti moja na hakuna kubadili tundu. Kama majaribio ya mwanzo yangerudisha YouTube ikacheza vizuri, na mama hatazami kingine cha mtandaoni, ningekwambia uache kama ilivyo, hata kama inafunguka polepole. Kwa stiki, unaweza kukaribia hapo. Ingia `MENU`, `System`, uwashe `Anynet+ (HDMI-CEC)`. Hilo ni jina la Samsung kwa lugha ambayo vifaa vya HDMI hutumia kuambiana. LG wanaiita SimpLink. Ikiwa imewashwa, mama akibonyeza kitufe cha nyumbani kwenye rimoti ya stiki, runinga inawaka yenyewe na kuhamia kwenye tundu la stiki. Mishale ya rimoti ya runinga nayo mara nyingi inaiendesha stiki. Kasoro yake ni kwamba king'amuzi kikiwa nacho kinaongea lugha hiyo, vinaweza kunyang'anyana kioo: umewasha taarifa ya habari, ghafla uko kwenye stiki. Ikitokea, zima lugha hiyo kwenye mipangilio ya king'amuzi, iache kwenye stiki. Vitufe utakavyomwelekeza mama vibandikie vipande vya plasta vyenye rangi. Mimi ndivyo nilivyofanya kwetu.

Sasa bando, na hapa ndipo ninapoona hatari ya kweli kwenye barua yako. Stiki yenyewe haili data zaidi ya runinga kwa video ile ile. Lakini programu hizi zinapima kasi na kujichagulia ubora. Runinga yenu iliyokuwa inahangaika ilikuwa inajipunguzia yenyewe; stiki yenye pumzi itajichukulia ubora wa juu bila kukuuliza. Kwa hesabu za Netflix wenyewe, filamu kwa ubora wa HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na ukichagua kiwango cha kati inashuka hadi karibu GB 0.7. Mkitazama saa mbili kila usiku kwa siku 30, ya kwanza ni GB 180, ya pili ni GB 42. Bando lenu la GB 100 linaishia katikati ya mwezi kwa ile ya kwanza. Kiwango hicho hakibadilishwi kwenye stiki. Unaingia kwenye akaunti kwa kivinjari cha simu, kwenye mipangilio ya uchezaji ya kila wasifu. YouTube wewe chagua 480p au 720p. Kwenye inchi 40, mtu aliyekaa kwenye kochi mita tatu kutoka kwenye kioo hataona tofauti kubwa kwa kipindi cha mahojiano, ataiona kwenye mpira. Zima pia masasisho ya kujiendesha ya programu kwenye Play Store ya stiki, uyafanye mwenyewe mara moja kwa mwezi.

Na ukishamaliza kuifunga stiki, nenda kwenye mipangilio ya runinga uitoe kwenye waifai kabisa. Kompyuta yake ya ndani haina kazi tena, na kifaa kisichosasishwa hakina sababu ya kubaki mtandaoni. Pia inamzuia mama asibonyeze kwa bahati mbaya YouTube ile ya zamani na kukupigia simu kwamba stiki imeharibika.

Stiki nayo itazeeka, nisikufiche. Machi 2025 watu wengi wenye Chromecast ya kizazi cha pili, kifaa cha Google cha kuchomeka kwenye HDMI kilichotoka 2015 kama runinga yako, waliamka na kukuta hakifanyi kazi. Sababu? Cheti kimoja cha ndani kilikuwa kimefika mwisho wa muda wake. Google wakatuma dawa baada ya siku chache. Vifaa viwili vya mwaka mmoja, ugonjwa wa ukoo mmoja, tofauti ikiwa ni nani bado anamletea mlinzi daftari. Na siku dawa itakapoacha kuja, utabadilisha kijiti cha laki na nusu, kioo kikibaki ukutani. Tena ukinunua runinga nyingine miaka ijayo, unaichomoa unahama nayo.

Mambo machache yanaweza kukutisha siku ya kwanza. Picha ikiwepo bila sauti, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya stiki uchague stereo ya kawaida, maana huenda inatuma sauti ya sinema ambayo runinga haiifahamu. Kingo za picha zikikatwa, badilisha `Picture Size` ya runinga iwe `Screen Fit`.

Fundi wa ana kwa ana mwite kama tundu la HDMI lenyewe halionyeshi kitu hata kwa laptop, hasa baada ya radi. Kama kuna mistari kwenye kioo. Au kama runinga inajizima ikiwa kwenye king'amuzi. Picha ikififia na kubaki sauti tu, zima taa usiku, mulika kioo kwa tochi kwa karibu. Ukiona picha hafifu inatembea ndani, taa za nyuma zimekufa, na hiyo ni kazi ya kulinganisha bei kabla hujaongeza chochote juu yake. Usifungue mgongo mwenyewe: kapasita za upande wa umeme zinabaki na chaji hata baada ya waya kuchomolewa. Lakini kwa ulivyoieleza, yako haijafika huko. Anza na saa, kisha laptop, na ukinunua stiki tunza risiti na boksi, uijaribu na ile programu yenu ya filamu siku hiyo hiyo, kabla muda wa kurudisha haujapita.